Nakubali yaishe: je, hiyo ni ridhaa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mume wangu tuna miaka 11 ya ndoa na watoto wawili. Hajawahi kunipiga wala kunitukana, na wengi husema nimebahatika. Shida yetu iko usiku. Nikimwambia kwamba leo siko tayari, hanishiki kwa nguvu, ila hugeukia upande wa pili na kuanzia hapo ananinunia. Asubuhi salamu yangu huiitikia kwa shida, mchana hapigi simu, na jioni huzungumza na watoto tu. Hali hiyo hudumu siku 2 au 3, mpaka mimi nimwendee na kukubali yaishe. Kesho yake huamka mchangamfu kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi tendo lenyewe linaniuma, na hata akinigusa bega tukiwa jikoni nashtuka. Nilipojaribu kumweleza, alisema mke hapaswi kumnyima mumewe unyumba, na kwamba yeye hajanilazimisha hata siku moja. Juzi binti yetu wa miaka 7 aliniuliza baba amekasirishwa na nani, nikakosa jibu. Je, ni mimi mwenye kasoro? Na ikiwa nilikubali kwa kinywa changu, nina haki ya kulalamika?

Mke aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine yote. Una haki ya kulalamika, na maneno uliyoyachagua mwenyewe yanaonyesha kwa nini. Mtu hukubali yaishe anapochoshwa na jambo fulani na kuona kwamba njia pekee ya kulikomesha ni kumpa mwenzake anachokitaka. Kibali chake hakihusu kile alichokikubali. Kinahusu kero anayotaka ikome. Wewe ulipomwendea mumeo usiku wa tatu, ulichokuwa unakitafuta ni salamu ya asubuhi. Ridhaa ni kitu kingine: ni mtu kuwa radhi na tendo lenyewe, akijua kwamba angeweza kulikataa na maisha yakaendelea kama kawaida. Ndiyo maana katika ndoa ya miaka mingi haitoshi kuuliza iwapo mke au mume alisema ndiyo. Inabidi kuuliza pia kingempata nini kama angesema hapana, na katika nyumba yenu jibu la swali hilo ameanza kulihisi hata mtoto wa miaka 7.

Mumeo anaposema hajakulazimisha, yawezekana anaamini anachokisema, kwa sababu watu wengi wakilisikia neno kulazimisha hufikiria mikono na nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2002 kuhusu ukatili na afya, lilieleza ukatili wa kingono kwa upana zaidi ya hapo. Ni pamoja na tendo la kingono linalopatikana kwa shuruti, hata kama anayeshurutisha ni mwenzi wa ndoa, na shuruti hiyo yaweza kuwa ya vitisho au ya kumbana mtu kisaikolojia pasipo kuinua mkono. Sikuelezi haya ili umtupie mumeo jina zito. Kununa kwa siku 2 si sawa na kumkaba mtu koo, na mshauri anayeyatia yote katika kapu moja anakupotosha. Nakueleza ili ujue kwamba shuruti ina ngazi, kwamba ngazi yake ya chini nayo ni shuruti, na kwamba kutopigwa hakukuondolei haki ya kusema kwamba unaumizwa.

Neno alilolitumia, kunyima, nalo linafaa kutazamwa kwa makini. Tunamwita mtu mnyimivu anapokuwa na kitu mkononi, mwenzake anakihitaji, naye anakizuia kwa choyo. Ukilipokea neno hilo bila kulihoji, mwili wako unageuka ghala na wewe unakuwa mtunza ufunguo aliye mchoyo, na kila usiku unaopita bila tendo unaandikwa kama deni. Lakini tendo la ndoa haliko limehifadhiwa mahali likisubiri kutolewa. Linakuwepo pale tu watu wawili wanapolitaka. Ndoa imempa mumeo mambo mengi ambayo ana haki nayo kwako, kama vile uaminifu, kujibiwa kwa heshima, na nafasi ya kuzungumzia hamu yake bila kuchekwa. Anaweza hata kukuambia waziwazi kwamba maisha ya ndoa bila tendo hilo yanamshinda, na hilo mkalijadili kama watu wazima. Lakini ndoa haikumpa usiku wowote mahususi. Ulipokubali kuolewa ulikubali maisha ya pamoja. Ridhaa ya tendo hutolewa kila mara upya, hata kama baada ya miaka 11 hutolewa kwa kusogea tu au kwa kicheko gizani, na aliyeitoa ana ruhusa ya kuiondoa katikati. Nayasema haya kwa wake na waume sawasawa, kwa maana wapo pia waume wanaonuniwa hivi hivi na wake zao, nao hukaa kimya zaidi kwa sababu wanaona aibu kusema.

Sasa nimtendee haki mumeo. Kukataliwa na mtu umpendaye kunauma, na hamu yake kwako baada ya miaka yote hii haina ubaya wowote. Mtu aliyeumia anaweza kunyamaza kwa muda, akatoka nje, akalala akiwa na huzuni. Moyo unaodunda kwa hasira au fedheha huhitaji dakika 20 au zaidi kabla kichwa hakijaweza kuzungumza vizuri. Hayo hayadai kitu kwa mtu mwingine. Kununa kwa kuadhibu kunatofautiana na huzuni hiyo kwa sababu kunavuka usiku wenyewe na kuenea kwenye salamu, simu na meza ya chakula, mahali ambapo hapakuwa na ugomvi. Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kutazama kinachoumaliza ukimya. Kumbuka mara 4 au 5 za mwisho, moja baada ya nyingine, ujiulize kila moja iliishaje. Huzuni ya kawaida hupungua yenyewe, au huondolewa na mazungumzo, kazi, usingizi au mzaha wa mtoto. Ikiwa ukimya wa mumeo haujawahi kumalizwa na kitu kingine isipokuwa tendo la ndoa, basi ukimya huo unafanya kazi ya kudai, awe amekusudia hivyo au hajakusudia. Nawe, bila kutaka, umekuwa ukimfundisha kwamba njia hiyo inafanikiwa kila baada ya siku 3. Sikulaumu kwa hilo, kwa maana kuishi na mtu asiyekusemesha ni mzigo mzito.

Uliuliza iwapo una kasoro. Mwili wako unafanya kile ambacho mwili wowote ungefanya. Hamu ya mwanamke inapoamka, damu huongezeka katika sehemu za siri, uke hulainika kwa ute na kutanuka, na hayo yote huhitaji muda pamoja na utulivu wa akili. Anayekubali yaishe hutaka jambo limalizike upesi, kwa hiyo mwili hupitishwa hatua hizo kabla haujawa tayari, na tendo linauma. Mara inayofuata misuli inayozunguka uke hukaza yenyewe kabla hata hujaguswa, kukaza huko huongeza maumivu, na maumivu huongeza woga. Kushtuka kwako jikoni kunatokana na jambo hilo hilo. Mkono wa mumeo begani ulikuwa zamani mkono tu. Sasa ni mwanzo wa swali ambalo jibu lake moja lina adhabu, na kwa hiyo umeanza kuukimbia hata mguso ambao ungeupenda. Yeye naye anauona ubaridi huo, anaogopa kwamba humpendi tena, na huenda anabana zaidi kwa sababu ya hofu hiyo.

Pamoja na hayo, usiache kumwona daktari au muuguzi kuhusu maumivu, maana yana sababu nyingine pia. Maambukizi ya uke huweza kuyaleta, na ukavu hutokea pale homoni ya estrojeni inapopungua, kama wakati wa kunyonyesha au kukaribia kukoma hedhi. Dawa kadhaa za sonona, na kwa baadhi ya wanawake njia za kupanga uzazi zenye homoni, hupunguza hamu. Mpaka utakapopimwa, tendo la kuingiliana lisimame, na mumeo aambiwe sababu hiyo bila kuzungushwa.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kuwasaidia sana au kutumiwa vibaya, kwa hiyo nitalieleza polepole. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza kwamba wanawake wengi walio katika uhusiano wa muda mrefu hawaanzi na hamu. Huanza wakiwa katika hali ya kawaida tu, wakiwa na sababu ya kutaka ukaribu na mwenzao, na hamu huja baadaye, baada ya kuguswa vizuri katika mazingira ya utulivu. Wewe usiposikia hamu inayochomoza ghafla kama ya mwanzo wa ndoa, haina maana kwamba imekufa. Hatari iko pale mume anapoyasikia haya na kusema, "Basi wewe anza tu, hamu itakuja." Kuna umbali mkubwa kati ya mke anayesema moyoni "bado sina hamu, lakini nafurahi kuwa naye karibu, na tuone" na mke anayesema "sitaki, ila siwezi kuvumilia siku 3 nyingine za kimya". Wa kwanza ana mlango wazi nyuma yake: akiona hamu haiji anasimama, wanakumbatiana na kulala, na asubuhi hakuna kilichoharibika. Wa pili hana mlango huo. Hamu ya namna aliyoieleza Basson huota pale tu mlango upo, kwa sababu mwili unaohofia adhabu haufunguki.

Kwa hiyo mazungumzo mtakayofanya yahusu mlango huo. Usiyafanye kitandani, wala usiku ule ule uliokataa, wala katikati ya ukimya wake, maana hapo kila neno lako litasikika kama kujitetea. Chagua siku mliyo na amani, watoto wakiwa wamelala au hawapo, na umwambie mapema kwamba una jambo la kuzungumza kuhusu ninyi wawili. Sema yanayotokea, usimseme yeye ni mtu wa namna gani. Ningekuwa wewe ningemwambia hivi: "Nikisema hapana, tunakaa siku 2 au 3 bila kusemezana, kisha nakubali ili uzungumze nami. Usiku ule sikuwa nakutaka wewe, nilikuwa nataka ukimya uishe. Tendo limeanza kuniuma, na naogopa kwamba nikiendelea hivi nitafika mahali nisikutake kabisa. Sitakubali tena kwa njia hiyo. Nataka tutafute njia nyingine pamoja." Kisha nyamaza umwache aseme. Ni vigumu kumsikia mtu akisema ameumia nawe bila kukimbilia kumfariji, lakini usirudishe nyuma ulichokisema kwa sababu tu uso wake umebadilika.

Jibu lake litakueleza mengi. Huenda akahamaki na kuuliza iwapo unamwita mbakaji. Mjibu kwamba hukutumia neno hilo, na urudi kwenye lile ulilolisema. Huenda akasema, "Sawa, basi sitakugusa tena," ambako ni kununa kulekule kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwambie kwamba hukumwomba aache kukugusa, ulimwomba akuguse bila bei. Huenda pia akauliza kwa uchungu, "Na mimi nikae hivi mpaka lini?" Swali hilo ni la haki, nalo usilipuuze. Hamu zenu zikitofautiana kwa muda mrefu, yeye naye ana upweke wake, na kulizungumzia hilo ni kazi yenu nyote. Mume anayeuliza hivyo, hata kwa sauti ya kukasirika, bado yumo ndani ya mazungumzo.

Akikubali, nawashauri mwanzo ulio mdogo. Mwaka 1970 watafiti William Masters na Virginia Johnson walieleza zoezi ambalo washauri wa masuala ya ndoa wanalitumia hadi leo. Kwa muda mnaokubaliana, tuseme wiki 4, tendo la kuingiliana linaondolewa kabisa kwa makubaliano ya wote. Mara 2 kwa wiki mnatenga faragha, na kila mmoja kwa zamu anamgusa mwenzake kwa robo saa hivi, bila kugusa matiti wala sehemu za siri. Anayeguswa ana kazi moja tu, kusema kinachompendeza na kisichompendeza. Katazo hilo ndilo linalotibu, kwa sababu mguso unapokuwa hauwezi kuishia kwenye tendo, hakuna swali lililojificha ndani yake, na mwili polepole huacha kujikinga. Baadaye, mkiona mmetulia, mnaongeza sehemu zilizoachwa, na kuingiliana huja mwisho, kama kutakuja. Zoezi huharibika mara nyingi katika wiki ya pili, pale mmoja anapoona mambo yanakwenda vizuri na kuomba katazo livunjwe "leo tu". Kataeni, hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyetamani. Na akikununia kwa sababu ya kukataa huko, mtakuwa mmelipata tatizo lenu mchana kweupe, na hapo ni vyema kumwona mshauri nasaha.

Upande wako nina ombi moja. Unapokataa, kataa waziwazi na kwa upole, usiahidi kesho. Wengi husema "labda kesho" ili kupunguza makali, na kesho ikifika ile labda imekuwa deni, naye anahesabu saa. Ni heri useme, "Leo hapana, lakini nitasogea nikukumbatie kama tutabaki hapo." Akigeukia ukutani, umwache ageuke. Asubuhi msalimie kama kawaida, fanya shughuli zako, na usiku wa tatu usimwendee. Mara ya kwanza ukimya wake unaweza kuwa mrefu kuliko ulivyozoea, kwa sababu njia iliyokuwa ikifanikiwa imegoma na mtu huijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha.

Lakini haya yote nimeyaandika kwa mke asiyemwogopa mumewe. Ikiwa baada ya kukataa anazuia pesa za nyumba, anatishia kuoa mwingine au kuwachukua watoto, anakuamsha usiku kucha mpaka ukubali, anakuanza ukiwa usingizini, au anakataa kinga unayoitaka, hapo hatuzungumzii kununa tena. Usimweleze mipango yako mkiwa wawili tu, wala usikubali kuketi naye mbele ya mshauri mmoja, kwa sababu mke mwenye hofu husema mbele ya mumewe yale tu yatakayomwokoa wakirudi nyumbani. Mweleze kwanza mtu mmoja unayemwamini, na uwaone wahudumu wa afya au wanaosaidia waliodhulumiwa majumbani. Na ukiingiliwa kwa nguvu, hata na mume, nenda kituo cha afya mapema: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba huweza kutumika ndani ya siku 5, ingawa vyote hufaa zaidi vinapoanzwa mapema.

Binti yako bado anasubiri jibu. Usimwambie kwamba baba amechoka tu, kwa sababu ameishaona kwamba sivyo, na mtoto asiyeambiwa sababu hujitwika yeye. Mwambie, "Baba na mimi kuna jambo la watu wazima hatujaelewana, tunalizungumza. Wewe hujakosa kitu." Kisha, katika yale mazungumzo yenu, mpelekee mumeo swali hilo kwa maneno yaleyale aliyoyasema mtoto, bila kuongeza lawama. Nimewasikia waume waliobishana kwa muda mrefu kuhusu haki za ndoa wakinyamaza walipofikishiwa swali la namna hiyo. Na akisema anataka kumjibu mtoto yeye mwenyewe, mwachie amjibu.